Kushuka kutoka talo, kidole kimoja kwa kimoja

Juma hili tunasema juu ya viatu. Wengi kati yetu tumechoka na talo. Magoti yanauma, vidole vya mguu vimebanana, na mlima wa Bukavu hauhurumii mtu. Kwa hiyo siku moja mama anaamua: talo basi, kuanzia leo ninavaa viatu vya chini. Uamuzi ni mzuri. Lakini neno «kuanzia leo» ndilo linalotuumiza, na tunataka kueleza sababu yake.

Tuanze na mama mmoja wa kikundi chetu, ambaye ametupa ruhusa ya kusimulia habari yake bila jina. Ana miaka 43, ni mwalimu, anakaa mlimani upande wa Kadutu, na kila siku anashuka kwa miguu kwenda kufundisha mjini. Tangu alipoanza kazi alivaa talo ya sentimetri sita, yaani kama upana wa vidole vitatu vikubwa. Mwanzoni mwa mwaka aliwapa wadogo zake viatu vyote vya talo, akanunua balerina nyepesi zenye soli nyembamba kama mkate wa chapati. Siku ya kwanza alijisikia kama msichana. Siku ya nne mashavu ya miguu yalimkaza. Siku ya kumi, alipotoka kitandani na kukanyaga chini, alisikia kama msumari umeingia katika kisigino cha kuume. Baada ya hatua chache maumivu yakapungua, akasema ni kitu kidogo, akaendelea. Mwisho wa mwezi alikuwa anachechemea. Kupanda kurudi nyumbani hakukuwezekana tena, akawa analipa moto kila jioni. Pesa aliyokuwa anaweka katika likilimba ikaishia kwa watu wa moto, na miezi miwili hakuweza kuweka zamu yake.

Kitu gani kilimpata? Balerina hazikuwa na sumu. Mguu wake ulikuwa umezoea kitu kingine.

Nyuma ya mguu, kutoka shavu mpaka kisigino, kuna misuli inayoshikwa na kano nene. Ni ile kamba ngumu ambayo unaweza kuibana kwa vidole viwili juu ya kisigino. Ukivaa talo, kisigino kinakaa juu, kwa hiyo misuli hiyo na kano hazinyooki mpaka mwisho wake. Ukifanya hivyo siku nyingi, mwili unajipanga kufuatana na hali hiyo. Mwaka 2010 wataalamu walitangaza vipimo walivyofanya kwa wanawake waliovaa talo karibu kila siku kwa miaka miwili au zaidi. Waliona kwamba nyuzi za misuli ya shavu zilikuwa fupi zaidi kuliko za wanawake wa viatu vya chini, kadiri ya asilimia 13, na kano yao ilikuwa nene na ngumu zaidi. Ndiyo maana wamama wengine wanasema: «Nikivua talo ndipo ninaumwa.» Ni kweli, hawadanganyi.

Sasa, siku unapovaa kiatu cha chini, kisigino kinashuka sentimetri sita kwa mara moja. Kano ngumu inavutwa kwa kila hatua. Chini ya wayo kuna utando mgumu unaotoka kisigino mpaka vidole, nao unavutwa pamoja na kano, kwa sababu vyote viwili vinashika mfupa mmoja wa kisigino. Hatua moja haina neno. Lakini mtu anayetembea saa moja na nusu kwa siku anapiga maelfu ya hatua. Misuli inajifunza upesi, kwa majuma machache. Kano, utando na mifupa vinajifunza polepole, kwa miezi. Hapo ndipo tunadanganyika: misuli ikiacha kuuma tunafikiri mguu wote uko tayari, kumbe kano na mfupa bado viko nyuma.

Tena kuna jambo la mlima. Unapopanda, vidole viko juu na kisigino kiko chini, kwa hiyo kano inavutwa zaidi kuliko mahali pa tambarare. Talo inasaidia kidogo hapo, kwa sababu inajaza ile nafasi chini ya kisigino. Kiatu cha chini hakijazi kitu. Mama wetu alianza viatu vyake vipya kwa kupanda Kadutu kila jioni, akiwa amebeba daftari za wanafunzi na mboga. Hakungekuwa na njia ngumu zaidi ya kuanza.

Na hapo alibadilisha mambo mawili kwa mara moja: urefu wa talo na unene wa soli. Talo ikishuka, kano na utando vinapata kazi mpya. Soli ikiwa nyembamba, mifupa midogo ya mbele ya mguu inapata pigo la simenti na mawe. Kanuni yetu ya kwanza ni hii: badilisha jambo moja, ngoja, kisha lingine. Shusha talo kwanza huku soli ikibaki nene. Soli nyembamba itakuja mwisho, na kama haiji kamwe, hakuna hasara.

Kabla ya kununua kitu, fanya kipimo cha ukuta. Hakitaki pesa. Vua viatu, simama mbele ya ukuta, weka mguu mmoja mbele na kidole gumba cha mguu kikigusa ukuta. Kunja goti mpaka liguse ukuta, kisigino kikibaki chini kabisa. Kama umeweza, rudisha mguu nyuma upana wa kidole kimoja, jaribu tena. Endelea hivyo mpaka goti lisifike au kisigino kiinuke. Mtu ambaye goti lake linafika mguu ukiwa mbali na ukuta kwa upana wa kiganja kizima anaweza kushuka kwa urahisi. Mama wetu alifika vidole viwili tu kwa mguu wa kuume, na vitatu kwa wa kushoto. Angepima mwezi wa kwanza, angejua mapema kwamba mguu wa kuume utalalamika.

Tuseme sasa namna alivyorudi na kuanza upya.

Kwenye kituo cha afya munganga alimpima, akambonyeza chini ya kisigino upande wa ndani, akaruka kwa uchungu. Alimwambia ni ule utando uliovutwa kupita kiasi, akamtuma kwa munganga wa kine. Jambo la kwanza aliloambiwa lilimshangaza: rudi kwenye talo. Hakurudishwa kwenye ile ya sentimetri sita, ila kwenye ya nne, pana, yenye soli nene, na asitembee bila viatu hata ndani ya nyumba. Talo hiyo ilipunguza mvuto ili utando upone. Miezi miwili ilipita kabla ya maumivu ya asubuhi kuisha. Hapo tu ndipo safari ya kushuka ilianza, na aliifanya kwa hatua tatu.

Hatua ya kwanza ilichukua majuma manne. Alivaa talo ya sentimetri nne mchana kutwa, akaanza mazoezi mawili. Zoezi moja ni kunyoosha: mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka, kisigino chini, unahesabu polepole mpaka 30, mara tatu kwa kila mguu. Kisha unarudia goti likiwa limekunjwa kidogo, kwa sababu shavu lina misuli miwili, na ule wa ndani haunyooki vizuri goti likiwa limenyooka. Zoezi la pili ni kuinuka: unasimama, unashika meza, unapanda juu ya vidole kwa miguu yote miwili, kisha unashuka ukihesabu mpaka tatu. Mara 10, unapumzika, mara 10 tena. Kunyoosha ni kila siku. Kuinuka ni siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa sababu kano inahitaji siku ya kujirudisha.

Hatua ya pili, majuma manne mengine, alishuka mpaka sentimetri mbili na nusu. Lakini hakuvaa kiatu hicho siku nzima. Alikibeba katika mfuko. Juma la kwanza alikivaa ndani ya kelasi tu, dakika 30, siku tatu za juma. Juma la pili, saa moja. Juma la tatu, asubuhi nzima. Juma la nne, mchana kutwa ndani ya shule. Wakati wa kupanda nyumbani alirudi kwenye sentimetri nne. Wenzake walimcheka kwa kubeba viatu kama mchuuzi, naye akawaambia kicheko ni bei rahisi kuliko moto.

Hatua ya tatu ilichukua majuma manane. Alichagua kiatu cha chini chenye kisigino cha sentimetri moja na soli ya mpira, akafuata njia ileile: kwanza sakafu tambarare kwa dakika 30, kisha saa, kisha mchana. Baadaye njia ya tambarare mjini. Kisha kushuka mlima, ambako kano haivutwi sana, ingawa misuli ya mbele ya mguu inafanya kazi ya breki na inaweza kuuma ukishuka mbio. Kupanda mlima kulikuja mwisho kabisa, kwanza kipande cha dakika 10, kisha nusu ya njia, kisha njia yote. Wakati huo mazoezi ya kuinuka yalifika mara 15, seti tatu, na mwishoni aliyafanya kwa mguu mmoja. Munganga wa kine alimwambia: usiuache mfuko wa viatu mpaka uinuke mara 15 kwa mguu mmoja bila maumivu, kila upande.

Safari haikunyooka. Juma la kumi na mbili alinunua kilo kumi za maharagwe sokoni, akazibeba mlimani akiwa na viatu vya chini. Asubuhi mbili zilizofuata msumari ulirudi. Safari hii hakujikaza. Alirudi hatua moja nyuma juma zima, akaendelea kunyoosha, kisha akaanza tena pale alipoacha. Kwa hiyo kumbukeni: mzigo ni kama kuongeza mlima. Siku ya mzigo kichwani, mgongoni, au mtoto mgongoni, vaa kile kiatu ambacho mguu unakijua tayari.

Namna gani utajua kwamba unakwenda upesi mno? Kukaza kwa mashavu yote mawili ya miguu, kunakoisha baada ya siku moja au mbili, ni kazi ya kawaida ya misuli. Endelea, bila kuongeza. Lakini sikiliza asubuhi, kwa sababu asubuhi haidanganyi. Kama hatua za kwanza zinauma chini ya kisigino, au kano iko ngumu na inauma ukiibana, jana ulizidisha. Punguza muda nusu, rudi kwenye talo ya hatua iliyopita, na usiongeze mpaka asubuhi tatu zipite bila maumivu.

Kuna maumivu mengine ambayo hatutaki mama ayangoje. Kama juu ya mguu, nyuma ya vidole, kuna mahali unapoweza kuonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, na panauma zaidi kadiri unavyotembea, pengine pamevimba kidogo, mfupa unaweza kuwa umeanza kupasuka. Hapo hakuna kukanda wala kunyoosha. Pumzisha mguu, uende kituo cha afya. Kama umesikia mlio nyuma ya mguu kama mtu amekupiga jiwe, na huwezi kuinuka juu ya vidole, kano inaweza kuwa imekatika: nenda siku hiyohiyo. Na kama shavu la mguu mmoja tu limevimba, lina joto na linauma, hasa baada ya kuzaa, baada ya upasuaji au safari ndefu ya kukaa, usifikiri ni viatu. Inaweza kuwa damu iliyoganda ndani, nayo inataka hospitali siku hiyohiyo, bila kukanda.

Wamama wenye ugonjwa wa sukari wasifuate safari hii bila kuongea na munganga. Sukari inaweza kuzima hisia za mguu, na soli nyembamba inaingiza jiwe au msumari bila wewe kujua. Kwao soli nene na kuangalia nyayo kila jioni vinakuja kwanza. Mama mwenye mimba kubwa anaweza kuacha talo ndefu, na inafaa, lakini achukue kiatu cha sentimetri mbili au tatu chenye soli nene. Kushuka mpaka chini kabisa kunaweza kungoja mtoto azaliwe na nguvu zirudi.

Mwisho, kiatu chenyewe. Wengi wanakimbilia kambambili kwa sababu ni za chini na ni rahisi. Kwa nyumbani hazina neno, lakini kwa njia ndefu vidole vinajikunja kila hatua ili kuzishika zisitoke, na wayo unachoka mara mbili. Tafuta kiatu kinachoshika kisigino kwa mkanda au kwa ukingo wa nyuma. Kikunje kwa mikono: kinapaswa kukunjika pale vidole vinapoanza. Kikikunjika katikati kama kitambaa, kiache. Chora mguu wako juu ya karatasi jioni, wakati mguu umejaa, ukate, uende na karatasi hiyo sokoni. Iingie ndani ya kiatu bila kujikunja, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi kama upana wa kidole gumba cha mkono. Ukinunua kiatu cha balo, kiweke mezani ukiangalie kwa nyuma. Kama soli imelika upande mmoja, kitavuta mguu wako upande huohuo.

Usitupe viatu vya zamani wala usiwape wadogo zako mbio, kwa sababu ndivyo ngazi ya kushukia. Fundi viatu anaweza kukusaidia kutengeneza ngazi hiyo. Lakini mama wetu alipompelekea talo ya sentimetri sita na kuomba abakize tatu, fundi alikataa, naye alikuwa na haki. Ukikata zaidi ya sentimetri moja hivi, pua ya kiatu inainuka, wayo wa kiatu unabaki na mteremko wa zamani, na unatembea kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Kata sentimetri moja, kisha kwa hatua inayofuata tafuta kiatu kingine.

Leo mama huyo anapanda Kadutu na viatu vya chini. Ilimchukua miezi minne ya kushuka, pamoja na ile miwili ya kupona ambayo angeweza kuikwepa. Katika likilimba amekwisha kulipa zamu alizokosa. Siku ya harusi bado anavaa talo yake, saa mbili tatu, kisha anabadilisha nje ya sala bila haya.

Kwenye mkutano ujao tutafanya kipimo cha ukuta pamoja, kabla ya kuhesabu pesa. Kila mama aje na viatu anavyovaa siku zote na vile anavyotaka kuvaa. Tutavipanga chini kwa urefu wa talo, na kati ya dada na majirani tutaangalia nani ana kiatu cha katikati ambacho mwenzake anaweza kuazima kwa majuma manne.